Ushauri: adapta ya kuondoa waya kwenye Golf, nichukue ipi?

Kamanda wa Mbalizi
Wakuu, habari za jioni. Nina Golf ya 2017, ilitoka Uingereza. Android Auto inakubali, ila mpaka uchomeke waya, na huo waya ndio unanitesa. Nikipanda tuta tu ramani inaganda, muziki unakata, kioo kinarudi kwenye redio. Naenda Iringa mara mbili kwa mwezi, saa tatu barabarani, nafika kichwa kinauma. Nataka ile adapta inayokaa kwenye USB ya gari, simu ibaki mfukoni. Kuna kadogo kama fleshi, na kuna kiboksi chenye kimkia cha waya. Nichukue ipi? Simu yangu ni nzuri tu, hiyo tusiijadili.

Mstaafu wa Tukuyu
Kijana, kutoka Uyole mpaka Iringa barabara ni moja. Unapotelea wapi mpaka uhitaji ramani? Sisi tulishuka Inyala na malori bila hata redio. Angalia mbele.

Bonge la Soweto
Chukua yoyote, zote ni Bluetooth. Ila jiandae, itakunywa bando kama ng'ombe aliyetoka kuchungwa.

Fundi Redio
Bonge umepatia nusu. Bluetooth inatumika mwanzoni tu, simu na adapta vitambuane. Baada ya hapo picha na sauti vinapita kwenye Wi-Fi ya adapta yenyewe, na hiyo haina intaneti, kwa hiyo haigusi bando. Bando linaliwa na ramani na muziki wako, kama ilivyokuwa kwenye waya.

Kamanda, mimi umbo la adapta halinishughulishi sana. Kimkia kinasaidia pale tundu la USB lilipobanwa na droo, basi. Kumbuka adapta inaidanganya redio kwamba kuna simu imechomekwa, kwa hiyo bado inakaa kwenye tundu lilelile la gari. Kama tundu ndilo limelegea, tuta litaizima adapta nayo itaanza kuwaka upya, nusu dakika unaangalia kioo cheusi. Utaukumbuka waya. Sasa niambie: umeshajaribu simu nyingine kwa waya huohuo?

Dada wa Mafinga
Mimi ninayo mwaka wa pili sasa. Raha yake unaingia garini, unafunga mkanda, ukitoka getini ramani imeshatokea. Ubaya wake, ukibonyeza wimbo mwingine unasubiri kidogo ndipo ubadilike. Ukipokea simu, wa upande wa pili mnaongea kwa kupishana kama mnatumia redio ya polisi.

Halafu gari letu USB haizimi ukizima injini. Usiku naegesha chini ya dirisha la chumbani. Siku moja mama mkwe kapiga, nimepokea niko kitandani, sisikii kitu, nasema haloo haloo. Kumbe sauti yake iko kwenye gari huko nje! Tangu siku hiyo nikifika naichomoa.

Kamanda wa Mbalizi
Asante dada. Fundi, waya nimebadilisha mara mbili, tatizo liko palepale. Ndiyo maana nimeamua kuachana na mambo ya waya. Naomba tujikite kwenye adapta.

Fundi Redio
Sikukuuliza waya, kaka. Nimekuuliza simu nyingine.

Msafiri Chimala
Anakwepa huyo 😂

Kamanda wa Mbalizi
Haya. Ya mke wangu haikati. Tumeenda nayo mpaka Makambako, haikukata hata mara moja.

Yangu tundu la chaji limelegea kidogo. Nikichomeka naweka kipande cha vocha kilichokunjwa pembeni ndipo inashika. Lakini nyumbani inachaji vizuri tu ikilala upande. Na hata hivyo kuna kijana Mwanjelwa nimeshamwachia 60,000 ya kuanzia, jumla ni 130,000. Kwa hiyo swali langu linabaki palepale, fleshi au kiboksi?

Fundi Redio
Hapo sasa ndipo penye mambo. Kwa waya simu yako ilikuwa inachaji huku inaonyesha ramani. Ukiondoa waya, Wi-Fi inafanya kazi muda wote, GPS inafanya kazi, data inafanya kazi, na hakuna kinachorudisha chaji. Simu inapata moto na betri inashuka. Utataka kuichomeka kwenye chaja ya garini, na utaichomeka wapi? Kwenye tundu lilelile la vocha. Umekimbia mvua ukaingia mtoni.

Anza na la bei ndogo. Zima simu, chukua kijiti cha mbao cha kuchokolea meno, toa vumbi na nyuzi za mfukoni zilizojaa mle ndani, taratibu. Mara nyingi waya unalegea kwa sababu uchafu unauzuia kuingia mpaka mwisho. Isiposaidia, badilisha sistimu chaji.

Msafiri Chimala
Wakuu, hii ni chai. Mbeya–Iringa ni kama kilomita 330, na humo kuna vibao vya 50 kila kijiji. Yeye anaenda kwa saa tatu, na matuta anayahesabu! Hiyo Golf ina mabawa? Halafu bei katutajia, sokoni katutajia, kesho atatokea mtu kusema "hata mimi nilinunua kwake". Tangazo hili.

Bonge la Soweto
Na "simu ni nzuri tu" halafu ina vocha ndani 😂😂

Kamanda wa Mbalizi
Chai iko wapi? Mara nyingi naishia Makambako kwenye mzigo, ndiyo saa tatu zenyewe. Nimeandika Iringa kwa sababu mwisho wa mwezi nafika huko. Na ningekuwa nauza ningeomba ushauri ili mnitukane?

Mstaafu wa Tukuyu
Hata Makambako hakuna pa kupotea.

Fundi Redio
Chai au si chai, wapo wengi wenye shida hii, tuendelee. Kamanda, kabla hujamalizia hizo 70,000 fanya jaribio moja. Android Auto bila waya inataka Android 11 kwenda juu, na Wi-Fi ya 5 GHz. Simu nyingi za bei ya chini zina 2.4 tu. Chukua simu ya shemeji, washa hotspot, kwenye mipangilio yake weka 5 GHz. Kisha tafuta jina lake kwenye Wi-Fi ya simu yako. Lisipotokea, hakuna fleshi wala kiboksi kitakachokusaidia.

Dada wa Mafinga
Na kama huwa unawarushia watoto hotspot njiani, jua simu nyingi zinagoma kufanya yote mawili. Wangu wanalia kuanzia Nyololo.

Kamanda wa Mbalizi
Nimejaribu. Ya mke wangu chaguo la 5 GHz lipo. Simu ya shemeji yangu wa hapa nyumbani imeliona jina. Yangu haijaliona. Nimezima na kuwasha mara tatu.

Msafiri Chimala
Mkuu pole. Naondoa neno chai, ya Iringa naiacha.

Kamanda wa Mbalizi
Kijana wa Mwanjelwa anasema pesa hairudi, ila anaweza kunipa kitu kingine cha bei hiyo. Nafikiria niichukue tu hivyohivyo, niunganishe na simu ya mke wangu tukisafiri wote.

Fundi Redio
Ya mkeo si ulisema kwa waya haikati?

Kamanda wa Mbalizi
Ndiyo.

Dada wa Mafinga
Kaka, muulize kijana kama anabadilisha sistimu chaji.