MREJESHO: Mtoto aliyeruka chanjo ya nimonia (PCV)

Swali langu lilikuwa: "Mwanangu ana miezi mitano na nusu, alipata PCV ya wiki ya 6 tu. Za wiki ya 10 na 14 zimepita. Tuanze upya?"

Asanteni sana wote. Waliosema dozi ya kwanza haipotei hata muda ukipita walikuwa sahihi. Nesi alitazama kadi, akaendelea na ya pili tarehe 3 Machi: PCV paja la kulia, penta nayo iliyokuwa imechelewa paja la kushoto, siku hiyohiyo. Sindano ilipoingia pakavimba kidogo, pagumu kama punje ya harage, pakaisha baada ya siku mbili.

Tulipokosea ni dozi ya tatu. Tulienda tarehe 27, siku ya 24, tukarudishwa. Kati ya dozi na dozi zinatakiwa wiki 4 kamili, kwa sababu inayotolewa mapema huenda isiamshe kinga vizuri. Tukarudi tarehe 31, akachomwa, zikatimia tatu.

Kwa mwenye kadi kama yetu: hesabu siku 28 kuanzia tarehe aliyochomwa kweli, achana na tarehe za zamani zilizopita.