Kampuni za utalii Dodoma, vichwa vya kurasa zenu vinatupotosha!

Nkuhungu_Kaskazini:
Wakuu, hili nimelivumilia vya kutosha. Unatafuta safari ya Ruaha kuanzia hapa Dodoma, unakuta kampuni moja ina kurasa tano na zote zimeandikwa hivi:

```
<title>Safari Bora ya Wanyama Tanzania kwa Bei Nafuu</title>
```

Ya siku ngapi? Wapi? Watu wangapi? Mwezi gani? Mpaka ufungue zote tano, na bundle ni yako. Nyingine ina "Siku 3 Watu 6", na hapo ndipo watu wanaumizwa. Hao 6 ni wa juu kabisa kwenye gari, au ndio idadi iliyotumika kupiga bei? Chukulia gari na mafuta kwa siku tatu ni sh 1,800,000. Mkiwa 6 kila mmoja anatoa 300,000, mkiwa 2 ni 900,000 kila mmoja. Mtu anaona bei ya watu 6, anakwenda na mkewe ofisini, anaambiwa aongeze laki sita kwa kila kichwa. Huo ni ulaghai hata kama maelezo yapo chini kabisa ya ukurasa.

Kizota_Mjini:
Tatizo ni kwamba vichwa vinakuwa virefu. Google inakata herufi ya 60, basi. Andikeni vifupi tu.

Mzee wa Mtera:
Kizota, hapo umepatia nusu. Google haihesabu herufi, inapima upana. 60 ni makadirio tu, na wakati mwingine inabadilisha kichwa chote kikiwa hakiendani na ukurasa. Ufupi peke yake hauokoi. Angalia hiki:

```
Siku 3 Ruaha kutoka Dodoma | Gari la Peke Yenu, Watu 2–6 | Juni–Oktoba
```

Ni herufi 70, na kinachokatwa ni miezi, kitu ambacho mteja alikihitaji sana. Panga hivi:

```
Hifadhi ya Ruaha Siku 3 kutoka Dodoma, Watu 2–6, Juni–Oktoba
```

Hiyo ni 60. "Gari la peke yenu" ipeleke kwenye kichwa kikubwa ndani ya ukurasa, pamoja na bei ya watu 2, ya 4 na ya 6, kila moja mstari wake.

Neno "Hifadhi" msilitoe. Ruaha ni hifadhi ya taifa, iko chini ya TANAPA. Swagaswaga na Mkungunero ni mapori ya akiba, yako chini ya TAWA, na viingilio vyake ni vingine. Ukiandika "mbuga" kote, mteja hajui analipia nini.

Na miezi iandikwe kwa majina, si "msimu wa juu". Huku kwetu mvua ni moja, takriban Desemba hadi Aprili. Ruaha wakati huo nyasi ni ndefu, wanyama wametawanyika kwa sababu maji yako kila mahali, na njia nyingine hazipitiki kwa tope. Kuanzia Juni maji yanapungua na wanyama wanasogea kwenye mto Ruaha Mkuu. Lakini Ndutu, Januari hadi Machi ndipo nyumbu wanazaa. Msimu mmoja hauwezi kubandikwa kwenye kurasa zote.

Dada wa Chamwino:
Samahani baba, mimi nina wanafunzi 40 na basi la shule. Hiyo Watu 2–6 tunaingiaje? Magari saba?

Mzee wa Mtera:
Hapana mwanangu, huo ni ukurasa mwingine kabisa, na kampuni nyingi hazina. Uliza kiingilio cha wanafunzi na kama basi lenu litaruhusiwa kwenye njia za ndani. Usipige hesabu kwa bei ya ukurasa huu.

Nkuhungu_Kaskazini:
Mzee, na "Siku 3" yenyewe? Dodoma hadi Iringa kwa kupitia Mtera ni kama kilomita 260, halafu zaidi ya 100 hadi getini, na sehemu ni vumbi. Ukiingia saa 9 alasiri siku ya kwanza na kutoka asubuhi ya tatu, siku kamili ya kuangalia wanyama ni moja tu!

Mzee wa Mtera:
Kweli. Na kibali kinahesabiwa saa 24. Ukiingia saa 9 alasiri, vibali viwili vinakufikisha saa 9 alasiri ya siku ya tatu. Ukitoka saa 2 asubuhi umeacha saa 7 ulizozilipia. Mimi ningeandika "Siku 3, Usiku 2", na mstari wa kwanza wa maelezo useme saa ya kuingia na ya kutoka getini.

Kizota_Mjini:
Sasa hiyo "Usiku 2" inapita 60. Tutoe nini, "kutoka Dodoma"?

Nkuhungu_Kaskazini:
Usitoe Dodoma! Bila hiyo mtu anadhani safari inaanzia Iringa, na gharama ya barabara inamkuta ofisini. Afadhali "Hifadhi ya" iende ndani.

Mzee wa Mtera:
Hapo sikubaliani nawe. Kwa Ruaha labda, jina linajulikana. Kwa Mkungunero ukifanya hivyo umerudi kulekule.