Afisa mikopo amerudisha mpango wangu wa saluni, anauliza "haya mauzo umeyapata wapi?" Nisaidieni

Vitana_Viwili
Habari zenu wakuu. Nimefanya kazi saluni za watu kwa miaka 6, sasa nataka kufungua yangu. Chumba nimeshapata, hela ya vifaa sina, kwa hiyo nimeomba mkopo. Mpango wangu wa biashara una kurasa 11, lakini afisa mikopo alisoma ukurasa mmoja tu, akazungushia kalamu nyekundu kwenye mauzo na kunirudishia.

Sitataja hela halisi. Nimezigawanya hesabu zangu ili mkopo wote usomeke 1,200, na nyingine zote zimegawanywa vilevile. Nataka viti 4, sinki 2 za kuoshea, draya 3 za kusimama, blodraya 3, stima 1 ya kupashia nywele mvuke, vioo na toroli. Marejesho ni miezi 12, riba asilimia 2 kwa mwezi. Kuosha na kukausha nitatoza 1, kuweka dawa 3, kusuka 4. Nimeweka wateja 15 kwa siku, yaani watano wa kila huduma, ndiyo 40 kwa siku. Kwa siku 26 za kazi napata 1,040 kwa mwezi. Tutakuwa wawili, mimi na msaidizi.

Nimekosea wapi? Au yule afisa anataka kitu kidogo?

Mkono_Mwepesi
Anataka kitu kidogo huyo. Asilimia 2 kwa mwezi si mbaya hata kidogo. Ndani ya mwaka ni asilimia 24 tu, na ukilipa mfululizo inapungua yenyewe. Badilisha taasisi, usibadilishe mpango.

Kinyozi_wa_Kona
Mimi nilianza na mashine mbili za kunyolea na kiti cha plastiki, sikukopa hata senti. Dada nunua mashine nzuri isiyopata moto haraka, blade zibadilishe mapema, wateja watakuja wenyewe.

Vitana_Viwili
Kaka Kinyozi, mimi ni saluni ya kina dada, sinyoi 😅

Karani_Mstaafu
Nimekaa upande wa pili wa hiyo meza kwa miaka mingi. Sidhani kama alitaka chochote. Mimi pia ningezungushia hapo hapo.

Tuhesabu saa badala ya viti. Kwa uzoefu wako, kichwa kimoja cha kusuka kinachukua muda gani kwa mtu mmoja? Kuweka dawa je? Kuosha na kukausha je?

Vitana_Viwili
Inategemea mtindo, lakini kwa wastani kusuka saa 5. Dawa saa 2 mpaka mteja anatoka. Kuosha na kukausha saa 1.

Karani_Mstaafu
Vizuri. Kusuka vichwa vitano ni saa 25. Dawa tano ni saa 10, kuosha watano ni saa 5. Jumla saa 40 kwa siku moja. Ninyi mko wawili, na kila mmoja akifanya kazi saa 8 mnazo 16. Ndiyo maana alikuuliza umeyapata wapi. Ukiongeza viti hadi kumi, mikono inabaki minne.

Sasa tujaze hizo saa 16 kiungwana. Kusuka wawili, dawa mmoja, kuosha wawili: mmetumia saa 14, na mbili zilizobaki ni za mteja aliyechelewa na kufagia. Mauzo ni 13 kwa siku, yaani 338 kwa mwezi. Hapo mmejaa kila siku, jambo ambalo saluni mpya hailiwezi.

Nipe matumizi yako ya mwezi.

Vitana_Viwili
Kodi 60. Msaidizi 70. Umeme na maji 25. Dawa, shampuu, mafuta na vitu vingine nimeweka sehemu moja ya tano ya mauzo, kwa hiyo kwenye hayo 338 ni kama 68.

Nikitoa vyote nabaki na 115. Na rejesho ni 124. Mungu wangu.

Karani_Mstaafu
Na wewe unakula nini?

Vitana_Viwili
Sikujiweka kabisa. Nilidhani faida ndiyo yangu.

Karani_Mstaafu
Karibu kila mpango niliousoma ulikuwa na tundu hilo. Mwenye duka hajilipi kwenye karatasi, halafu kuanzia mwezi wa pili anajilipa kutoka kwenye droo, na rejesho linakosekana. Afisa anajua utakula. Usipojiandika atakuandika yeye, tena kwa kukisia. Sema kiasi kidogo cha kweli.

Vitana_Viwili
50 naweza kuishi nayo, nikijibana.

Karani_Mstaafu
Basi kinachobaki cha kulipia mkopo ni 65, tena mwezi uliojaa. Mkopo wa 1,200 hauingii hapo.

Na ndugu Mkono_Mwepesi, uliposema riba inapungua yenyewe umesema nusu ya kweli. Inapungua pale riba inapokokotolewa kwenye salio. Rejesho la 124 linaonyesha wamekokotoa kwenye mkopo wote tangu mwanzo: 100 ya mkopo na 24 ya riba kila mwezi, hata mwezi wa mwisho wakati deni lililobaki ni 100 tu. Atalipa jumla 1,488. Kwa riba ileile ya asilimia 2 lakini kwenye salio, rejesho lingekuwa 113 na kitu, jumla karibu 1,362. Jina la riba ni moja, deni mbili. Dada, waombe jedwali la marejesho mwezi kwa mwezi kabla hujaweka sahihi. Uliza pia ada ya kushughulikia mkopo inakatwa wapi. Wakikata asilimia 3 juu kwa juu, mkononi unapata 1,164 na muuza vifaa anadai 1,200.

Mkono_Mwepesi
Sawa mzee, hiyo ya salio sikuijua. Ila bado nasema watu wanaogopa mikopo mno.

Rasta_na_Dawa
Nina saluni mwaka wa nne, niongeze la kwangu. Hesabu ya saa ni nzuri lakini bado haijasema wateja watatoka wapi. Kusuka wawili kwa siku ni vichwa 52 kwa mwezi. Mtu akisuka anakaa nazo wiki sita hivi, kwa hiyo unahitaji watu tofauti kama 78 wanaorudi kwako kila mara. Wa dawa wanarudi baada ya wiki sita hadi nane. Ukiwapa miezi miwili, dawa 26 kwa mwezi ni watu kama 50. Wa kuosha akija kila wiki mbili ni watu 26. Jumla ni zaidi ya watu 150 wanaokuamini nywele zao.

Una namba za simu za wateja wangapi wanaokufuata wewe, si ile saluni?

Vitana_Viwili
Nimehesabu sasa hivi. 43. Na wengine wanakaa mbali na chumba changu kipya.

Rasta_na_Dawa
Hiyo 43 iandike kwenye mpango hivyo hivyo. Inamshawishi afisa kuliko kurasa 11. Chukua daftari, kila mteja andika tarehe, huduma, saa alizokaa na alicholipa. Fanya wiki sita hapo ulipo, kwa wateja wako tu, kisha ambatanisha nakala.

Vifaa vyako pia vimezidi. Wakati mnasuka, draya za kusimama zinalala. Kwa dawa mmoja na kuosha wawili kwa siku, draya moja, blodraya mbili na sinki moja vinatosha. Stima mimi niliinunua mwaka wa tatu, na mpaka leo sijui kama ilinilipa. Msaidizi naye usimwekee mshahara mkavu mwanzoni. Mpe asilimia 40 ya kazi aliyofanya kwa mikono yake, mwezi mbaya muumie wote.

Fundi_Waya
Samahani kuingilia. Hicho chumba kina waya gani? Blodraya moja inaweza kula wati 2,000, draya ya kusimama 1,000 hivi, na hita ya maji 1,500. Zikiwaka pamoja ni wati 4,500, karibu ampea 20 kwenye volti 230. Ukizichomeka kwenye kebo moja ya kurefusha ya ampea 13, plagi itaanza kuwa moto na kunuka kabla swichi kuu haijakata. Weka gharama ya laini ya pekee kwenye mpango, pamoja na bomba na mfereji wa maji wa sinki. Watu wanakopa sinki wanasahau maji yatatoka wapi.

Vitana_Viwili
Fundi, chumba kina soketi mbili tu. Asante, sikuwa nimefikiria.

Karani_Mstaafu
Hilo la fundi lina upande mwingine. Waya na bomba vinabaki kwa mwenye nyumba ukihama, kwa hiyo havifai kuwa dhamana. Viti na draya vinaweza, ila hesabu kwamba taasisi itavithamini chini sana ya ulivyonunua. Kila kifaa kiwe na profoma yenye jina la muuzaji, aina ya kifaa, bei na muda wa bei hiyo kutumika. Na muda wa pango uzidi muda wa mkopo. Mkataba wa miezi 6 kwa mkopo wa miezi 12 utarudishwa tena.

Vitana_Viwili
Nimekaa nayo siku mbili. Kurasa 11 zimekuwa 3. Viti 2, sinki 1, draya 1, blodraya 2, pamoja na waya na bomba. Mkopo 600, miezi 18. Kwa riba yao ileile rejesho ni kama 45.

Msaidizi analipwa kwa asilimia, nimekisia nusu ya kazi ni yake. Mwezi uliojaa, baada ya matumizi na ile 50 yangu, nabaki na 67, nalipa rejesho bila shida. Halafu nikafanya mwezi wa asilimia 70, mauzo 237. Nikabaki na 8. Hapo ndipo nimekwama, na kwa wateja 43 hiyo asilimia 70 yenyewe ni mbali.

Karani_Mstaafu
Hiyo 8 usiifiche. Iandike, na chini yake uandike rejesho litatoka wapi miezi hiyo. Unaweza kuomba miezi mitatu ya kwanza ulipe riba tu, yaani 12 kwa mwezi, lakini uliza kama kipindi kinaongezwa mwishoni au marejesho yanayobaki yanakuwa makubwa. Pia uwe na akiba ya marejesho matatu pembeni, isiguswe. Unayo?

Vitana_Viwili
Ninayo ya moja na nusu.

Rasta_na_Dawa
Kama ni mimi, ningekodi kiti kwenye saluni ya mtu karibu na hicho chumba kwa miezi minne, wale 43 wawe 80, ndiyo nikope.

Karani_Mstaafu
Chumba chenyewe kitamsubiri? Mwenye nyumba akimpa mwingine atakuwa na wateja 80 bila mlango.

Vitana_Viwili
Ndiyo ninachowaza. Kesho naenda kumuuliza mwenye nyumba kama atapokea nusu ya kodi anishikie chumba. Daftari nimeshalianza, leo wameingia watatu: kusuka mmoja saa 6 na nusu, kuosha wawili. Ile saa 5 yangu ya wastani nayo naona nilijipendelea.