Muuzaji kageuka bei ya kiwanja ilivyopanda: nidai faida niliyokosa, gharama zangu, au alazimishwe kuniuzia?

Kijana wa Kibaha
Wakuu habari za jioni. Mwaka jana mwezi wa 8 nilikubaliana na mzee mmoja aniuzie kiwanja huku Kibaha, kimepimwa na kina hati, bei mil 18. Tukaandikishana kwa wakili, nikamwekea mil 10 benki, 8 iliyobaki nimpe ndani ya miezi 6 siku tunasaini fomu za uhamisho. Mwezi wa 2 nampigia hela iko tayari, mara anaumwa, mara kasafiri, mwisho ananiambia mwanangu bei zimebadilika njoo uchukue kumi yako. Kumbe barabara imepita jirani na viwanja vya pale saa hizi vinasomeka mil 30. Mimi nimeshatoa laki 4 za wakili, laki 6 za ramani ya nyumba, na tofali za laki 9 ziko palepale kiwanjani zinaota majani. Nidai nini hapa?

Mtata Original
Dai vyote mkuu usimwonee huruma. Kumi yako, na 12 ya bei iliyopanda, na wakili, na ramani, na tofali, na usumbufu juu. Jumla inakaribia 24 kabla ya usumbufu. Kifungu cha 73 cha Sheria ya Mikataba kinasema aliyevunja alipe hasara.

Bi Shamsa
Mtata umepatia kifungu ila hesabu umekula mara mbili. Tuangalie hivi, mzee angetimiza ahadi, kijana leo angekuwa na kiwanja cha 30 ambacho kimemgharimu 18, yaani yuko juu kwa 12. Sasa hivi yuko chini kwa 10 alizolipa. Kumrudisha pale ambapo angekuwa ni 22. Basi. Ile laki 4 ya wakili na laki 6 ya ramani angezitoa hata kama mauziano yangeenda salama, kwahiyo ukimpa 22 halafu ukamrudishia na hizo unakuwa umempa kiwanja na ujenzi wa bure. Anachagua njia moja: aangalie mbele, alipwe alichokosa, au aangalie nyuma, arudishiwe alichotumia.

Akiangalia nyuma ni 10 yake, milioni moja ya wakili na ramani, na tofali kidogo tu maana tofali zinauzika. Akiziuza laki 7 amepoteza laki 2. Jumla kama 11.2. Kwa bei iliyopanda, njia ya gharama ni kujipunja mwenyewe.

Mama Kabati
Na mimi naomba msaada hapohapo, fundi kachukua advansi ya kabati laki 3 na nusu tangu Ramadhani, kila nikienda mbao bado mbichi. Mahakama inaweza kumlazimisha amalizie?

Bi Shamsa
Mama Kabati hapana, hakuna hakimu atakayemsimamia fundi na randa yake. Kabati linapatikana kwa fundi mwingine, wewe chukua advansi yako na kile ulichoongeza kumlipa wa pili. Ardhi ndo ina upendeleo, maana kiwanja kile kiko kimoja tu, huwezi kuambiwa nenda kanunue kama hicho sokoni.

DJ Pwani
Hiyo njia ya gharama mnaidharau lakini kuna siku ndo pekee inayosimama. Niliandaa shoo, msanii kala mitini siku 2 kabla, ningeuza tiketi ngapi sina ushahidi wowote maana sijawahi kufanya pale. Wakili akaniambia achana na faida, dai ukumbi, matangazo na jenereta. Akanitajia kesi ya Uingereza ya 1971, kampuni ya televisheni ya Anglia na mwigizaji Robert Reed, alijitoa kwenye filamu yao, wao hawakuweza kusema filamu ingeingiza shilingi ngapi, wakadai walichopoteza pauni 2,750 na wakapewa, hadi gharama za kabla hajasaini.

Bi Shamsa
Sawasawa DJ, na msanii mwenyewe huwezi kuombea amri apande jukwaani. Ila Kijana, kabla hatujaendelea fungua mkataba wako kuna mstari wowote unasema atakayevunja atalipa kiasi fulani?

Kijana wa Kibaha
Upo. "Upande utakaovunja mkataba huu utamlipa mwenzake asilimia kumi ya bei ya mauziano." Nikajua hiyo ni nzuri kwangu.

Bi Shamsa
Hapo ndo mchezo unabadilika. Kifungu cha 74 kinasema mkiwa mmetaja kiasi, mahakama inatoa fidia ya haki lakini isizidi kile mlichotaja. Asilimia 10 ya 18 ni mil 1.8. Kwahiyo ile 12 wakili wake ataipiga pini hapo, utabaki na kumi yako na 1.8, wakati mzee anauza kwa 30. Amevunja, amelipa, na bado kapata faida ya mil 10 na ushee.

Ndiyo maana ningekuwa wewe dai la kwanza liwe atekeleze mauziano kama yalivyoandikwa, fidia iwe dai la pembeni endapo hilo litashindikana.

Mtata Original
Sasa si wamekubaliana asilimia kumi? Atasema nalipa 1.8 najitoa, ndo tulivyoandika.

Bi Shamsa
Atajaribu, na ni hoja. Kutaja adhabu ya kuvunja siyo lazima iwe ruhusa ya kuvunja, inategemea maneno. Kama ingeandikwa "muuzaji anaweza kujitoa kwa kulipa" ningekuwa na wasiwasi zaidi. Hakimu mwingine anaweza kuisoma tofauti, sikudanganyi.

Ila amri ya namna hii ni ya hiari ya mahakama, inataka uje na mikono misafi na hela mkononi. Usiipokee ile kumi. Akikurudishia benki kimyakimya mwandikie siku hiyohiyo kwamba hujakubali. Ile 8 iache kwenye akaunti, mpelekee barua kwa wakili kwamba uko tayari tarehe fulani kulipa na kusaini, tunza taarifa ya benki. Simu za kumpigia hazitoshi, ataruka. Halafu peleka kaveati, yaani zuio la kuhamisha hati, kwa Msajili wa Hati haraka, maana akishamuuzia mtu asiyejua habari zako na jina likahamishwa, unarudi kwenye fidia.

Otis wa Nakuru
Huku Kenya kama ni shamba la kilimo kuna mtego mwingine, maombi ya kibali cha bodi ya ardhi yaende ndani ya miezi 6 tangu mkataba, bila hicho mkataba umekufa kabisa unabaki kudai pesa zako kama deni. Jirani yangu alilia. Hapo kwenu hamna?

Bi Shamsa
Kwetu kwa kiwanja cha hati kuna kibali cha uhamisho, lakini linalowaua watu zaidi ni mke. Kijana, mke wa mzee alisaini ridhaa?

Kijana wa Kibaha
Mama alikuwepo siku ile alituletea chai, kusaini sikumbuki. Pale hawakai, wanaishi Mlandizi, kiwanja ni pori tu.

Bi Shamsa
Chai siyo saini mwanangu. Kutokuwa nyumba yao ya kuishi kunakusaidia kiasi, lakini kesho asubuhi nenda kwa wakili aliyewaandikisha uangalie nakala yake. Na uulize mtaani kama kuna mtu mwingine ameshapelekwa kukiangalia.

Kijana wa Kibaha
Nimempigia jamaa anayelinda tofali. Anasema jumamosi alikuja mzee na watu wawili na futi kamba.

Mtata Original
Kaveati mkuu, usisubiri hata hiyo nakala.