IF ndani ya IF, IFS au SWITCH: ipi inasomeka zaidi kwa kugeuza alama kuwa gredi?

SafuD
Habari wakuu. Nina orodha ya wanafunzi kwenye Excel, alama ziko safu C na gredi nataka zitokee safu D. A inaanzia 80, B 70, C 60, D 50, chini ya hapo ni F. Faili la zamani lina IF ndani ya IF kwa mstari mmoja mrefu, na kila anayejaribu kubadilisha mpaka mmoja anavuruga mabano. Nimeona kuna IFS na SWITCH. Ipi itasomeka vizuri hata kwa mwalimu mwingine atakayelirithi faili? Nataka kuamua kabla sijaandaa faili la muhula huu.

MabanoManne
Mwalimu, hapo huwezi kujibiwa vizuri bila kusema mambo matatu. Excel ya mwaka gani, na hao wengine wanaolifungua faili wana ipi? Alama zina nusu, kama 79.5, au ni namba kamili tu? Na mwanafunzi ambaye hakufanya mtihani unamwandikaje?

Nukta_Mkato
Sioni haja ya maswali yote hayo. IFS ndiyo jibu, kila sharti na gredi yake, unasoma kama orodha:

```
=IFS(AND(C2>=80,C2<=100),"A",
     AND(C2>=70,C2<=79),"B",
     AND(C2>=60,C2<=69),"C",
     AND(C2>=50,C2<=59),"D",
     C2<50,"F")
```

Mtu yeyote ataelewa kwamba B ni 70 hadi 79.

Jedwali
IFS sawa, ila hizo AND zitoe. Weka 79.5 kwenye C2 uone: haiko kwenye 80 hadi 100, wala haiko kwenye 70 hadi 79. Hakuna sharti hata moja linalokubali, na IFS isipopata sharti la kweli inarudisha #N/A. Umeacha pengo katika kila mpaka. IFS inasoma kuanzia juu na kusimama kwenye sharti la kwanza lililo kweli, kwa hiyo alama ikifika kwenye mstari wa B tayari inajulikana kwamba haikufika 80. Huna haja ya kusema mara mbili:

```
=IFS(C2>=80,"A",
     C2>=70,"B",
     C2>=60,"C",
     C2>=50,"D",
     TRUE,"F")
```

Hiyo TRUE ya mwisho maana yake ni "waliobaki wote". Mpangilio lazima ushuke kutoka juu. Ukianza na C2>=50, mwenye 92 naye atapewa D kwa sababu 92 imezidi 50.

Nukta_Mkato
Nimekuelewa kuhusu nusu, lakini ile ya AND inamwonyesha msomaji mwisho wa kila gredi. Yako inamlazimu akumbuke kilichopita juu.

SafuD
Samahani kwa kuacha hayo. Mimi natumia Microsoft 365. Kompyuta ya ofisi inakochapwa matokeo ina Excel 2013. Nusu alama zipo, wasahihishaji wanatoa 0.5. Asiyefanya mtihani anaandikwa X, na ambaye karatasi yake haijasahihishwa seli inaachwa tupu.

MabanoManne
Basi 2013 imekwisha kuamua nusu ya swali lako. IFS na SWITCH zimo kwenye Excel 2019 kwenda mbele, kwenye 365, Google Sheets, na LibreOffice ya miaka ya karibuni. Kwenye 2013 hazimo. Ubaya wake ni kwamba faili likifunguliwa huko halilalamiki mara moja. Gredi zinaonekana kama kawaida, kwa sababu ni matokeo yaliyohifadhiwa kutoka kwenye kompyuta yako. Ukibofya seli ndipo unaona fomula imeandikwa `=_xlfn.IFS(...)`. Mtu akirekebisha alama moja, seli ile inapigiwa hesabu upya na inageuka #NAME?. Kwa hiyo kila atakayesahihishiwa alama siku ya kuchapa ndiye atakayekosa gredi.

IF ndani ya IF inafanya kazi kote. Tatizo lako ni kwamba imeandikwa mstari mmoja. Weka kishale kabla ya kila IF, bonyeza Alt na Enter, upanue kisanduku cha fomula kwa kuvuta ukingo wake wa chini:

```
=IF(C2>=80,"A",
 IF(C2>=70,"B",
 IF(C2>=60,"C",
 IF(C2>=50,"D",
 "F"))))
```

Linganisha na IFS ya Jedwali. Tofauti ni neno IF kwenye kila mstari na mabano manne mwishoni. Idadi ya IF ndiyo idadi ya mabano ya kufunga, basi.

Kibwagizo
Hakuna aliyeitetea SWITCH? Mimi ndiyo ninayoipenda, kwa sababu haina ile TRUE ya ajabu mwishoni. Unaimalizia na F tu:

```
=SWITCH(TRUE,
     C2>=80,"A",
     C2>=70,"B",
     C2>=60,"C",
     C2>=50,"D",
     "F")
```

Nukta_Mkato
SWITCH haifanyi kazi kwenye masafa ya alama. Inalinganisha thamani iliyo sawa kabisa.

Kibwagizo
Ni kweli inatafuta iliyo sawa, na hapo inatafuta TRUE. C2>=70 yenyewe inatoa TRUE au FALSE, ya kwanza iliyo TRUE ndiyo inayoshinda.

Jedwali
Inafanya kazi, lakini umeiondoa TRUE chini ukaileta juu, na mwalimu asiyeijua mbinu hiyo atakwama mstari wa kwanza kabisa. Kuna jambo zito zaidi. Futa "D" kwa bahati mbaya pamoja na mkato wake, kosa la kawaida sana mtu anapohariri. IFS inabaki na sharti lisilo na jibu, na Excel inakataa kuipokea, inasema hoja ni chache. SWITCH haikatai. Ile "F" iliyokuwa ya waliobaki inahamia kuwa jibu la C2>=50. Mwenye 55 anapata F badala ya D, na mwenye 45 anapata #N/A. Hiyo #N/A utaiona. Ile F ya mwenye 55 hutaiona, kwa sababu inafanana na F yoyote.

Kibwagizo
Hilo nakubali. Lakini kwa anayehariri kwa uangalifu bado naiona safi zaidi.

Kalamu_Nyekundu
Mnaongea sana kuhusu F na D, wakati hatari kubwa kwenye faili hili ni ile X. Kuna faili moja la matokeo lililopita mikono mitatu kabla ya mtu kushtuka. Fomula ilikuwa sahihi, ni IF nne za kawaida. Walioandikiwa X walitoka na A, wote. Wa kwanza aliyepokea faili alidhani alama zimefichwa. Wa pili alipanga orodha kwa gredi, wale wa X wakakaa juu pamoja na waliofaulu sana. Wa tatu akahesabu A kwa COUNTIF na kuandika jumla kwenye taarifa. Kosa liligunduliwa wakati wa kulinganisha idadi ya waliofanya mtihani na idadi ya gredi, vikakosana.

Sababu yake: Excel inapolinganisha maandishi na namba, maandishi huhesabiwa kuwa makubwa kuliko namba yoyote. "X">=80 ni kweli. Seli tupu nayo huhesabiwa 0, kwa hiyo yule ambaye karatasi yake haijasahihishwa anapewa F. Haijalishi umechagua IF, IFS au SWITCH, zote tatu zitafanya hivyo hivyo. Weka ulinzi juu kabisa, kabla ya sharti la A:

```
=IF(C2="","",
 IF(ISTEXT(C2),C2,
 IF(C2>=80,"A",
 IF(C2>=70,"B",
 IF(C2>=60,"C",
 IF(C2>=50,"D",
 "F"))))))
```

Tupu inabaki tupu, X inajirudia kama X kwenye safu D. Mabano sasa ni sita. Faida nyingine: alama iliyonakiliwa kutoka kwingine ikaingia kama maandishi, mfano 67 iliyoegemea kushoto mwa seli, itatokea safu D kama 67. Utaiona papo hapo. Bila ulinzi huo ingepata A.

Mwanga_wa_Seli
Jamani naomba msaada kwenye hili hili. Fomula zenu nimejaribu zinanigomea. Mimi nina gredi tayari, nataka zitoe maoni, A iwe "Bora sana", B "Vizuri sana" na kuendelea. Nimeweka D2>=80 lakini wote wanapata "Bora sana".

Jedwali
Wewe swali lako ni jingine, ila limeangukia hapo hapo alipoeleza Kalamu: D2 yako ni herufi, na herufi siku zote inazidi 80. Kwako SWITCH ndiyo mahali pake hasa, kwa sababu unalinganisha thamani iliyo sawa:

```
=SWITCH(D2,"A","Bora sana","B","Vizuri sana",
     "C","Vizuri","D","Wastani","F","Dhaifu","Kagua")
```

Neno la mwisho, "Kagua", linawapata wote wasiolingana. Ukiliona, angalia kama kuna nafasi imeandikwa baada ya herufi.

Mwanga_wa_Seli
Imekubali, ila nimelazimika kuweka nukta mkato badala ya mkato.

Jedwali
Hiyo ni mipangilio ya lugha na eneo ya kompyuta yako, si kosa.

Mzani
Mbona mnaandika mipaka ndani ya fomula? Weka jedwali dogo pembeni, H2 hadi H6 iwe 0, 50, 60, 70, 80, na I2 hadi I6 iwe F, D, C, B, A. Kisha:

```
=VLOOKUP(C2,$H$2:$I$6,2,TRUE)
```

Mpaka ukibadilika unabadilisha seli moja, fomula huigusi. Inakubali hata 2013. X itatoa #N/A badala ya A. Namba za H lazima zipande kutoka ndogo kwenda kubwa, vinginevyo majibu yatakuwa ya ovyo. Seli tupu bado itatoa F, kwa hiyo ile `IF(C2="","",` ya mwanzo unaihitaji.

MabanoManne
Nzuri, lakini ameuliza fomula inayosomeka. Hapo msomaji haoni mpaka wowote mpaka aende safu H, na mtu akipanga upya jedwali hilo kwa herufi ameua gredi zote.

Mzani
Anaona jedwali lenye mipaka yote mahali pamoja. Kusomeka kupi kunazidi hapo?

SafuD
Asanteni. Nimeweka ile ya IF sita za Kalamu, imekubali kompyuta zote mbili. Swali moja: kuna mwanafunzi anaonekana ana 80 lakini amepewa B.

Kalamu_Nyekundu
Ana 79.5. Safu C umeificha desimali, seli inaonyesha 80 lakini thamani ni 79.5. Rudisha desimali moja ili kinachoonekana kiwe ndicho kinachohesabiwa.

Nukta_Mkato
Au mpe A. Badilisha mpaka uwe C2>=79.5, na mingine 69.5, 59.5, 49.5.

Kalamu_Nyekundu
Hiyo ni kubadilisha kanuni ya gredi, si kurekebisha fomula. A imesemwa inaanzia 80.

Mzani
Kwenye jedwali ungebadilisha seli nne tu, na kila mtu angeona mpaka ni 79.5.

SafuD
Kanuni tuliyopewa haisemi lolote kuhusu nusu. Nitawauliza wenzangu kwanza, kwa sasa nimerudisha desimali.