Naomba ushauri: shukrani za miaka 10 kazini zisisikike kama kuaga

Ndugu zangu, mwezi huu natimiza miaka 10 katika maabara ya hospitali moja, nami nataka kuweka picha yenye maneno ya kuwashukuru walionilea kikazi. Rasimu ya kwanza, "Asanteni kwa yote, ilikuwa heshima kufanya kazi nanyi", ilimfanya dada mmoja wa zamu yetu aniulize ninahamia wapi. Nadhani kosa ni "ilikuwa" na "kwa yote". Sasa nimeandika: "Miaka 10, na bado kila asubuhi nahakiki mashine kabla ya kupima damu ya mgonjwa, kama mlivyonifundisha. Asanteni walimu wangu. Tuonane Jumatatu zamuni." Lakini wawili kati yao wamestaafu. Je, niwashukuru vipi katika maneno hayohayo?