Klorini "inafanya kazi kwa 93%" na "haifanyi kazi", mstari MMOJA, kalamu moja!!!

MwanaVirunga (Goma)
Ndugu zangu, damu inachemka kuliko Nyiragongo. Munamujua. Jina silitaji, kila aliyepita promosyo yetu anamujua, yule wa kalamu nyekundu nene. Korije ya statistiki imebandikwa mlangoni leo asubuhi. Nendeni musome swali la 3, lakini mukae chini kwanza.

Swali ni jepesi. Kaya 200 zinatia klorini katika maji ya ziwa, kaya 200 hazitii. Zisizotia, 44 zimepata kuhara. Zinazotia, 30. Ni 22% kwa 15%, tofauti ya pointi 7, na p ni 0,07. Eleza maana ya p.

Naye akaandika: «p = 0,07, kwa hiyo kuna uwezekano wa 93% kwamba klorini inafanya kazi. Lakini 0,07 inapita 0,05, kwa hiyo klorini haifanyi kazi.»

Mstari mmoja! Wino haujakauka kwenye 93% na tayari dawa imekufa! Kama mtu anaamini kwa 93% kwamba klorini inasaidia, anaimwaga kwa sababu gani? Na walioandika kwamba «kama klorini haibadili kitu, tofauti ya pointi 7 au zaidi, upande wowote, ingetokea kwa bahati tu mara 7 hivi katika sampuli 100», wamepata SIFURI. Jibu sahihi limechorwa msalaba mwekundu mkubwa kama wa kaburini. 93%, halafu haifanyi kazi! Mstari mmoja!

Kamalondo_12 (Lubumbashi)
Bana, unalia sana. Pointi ngapi umepoteza, mbili? Kunywa maji.

MamaNdosho (Goma)
Maji yenye klorini au yasiyo na klorini? Mimi hiyo harufu siiwezi. Watoto wanakataa kunywa kabisa. Wanaoigawa wapunguze dozi.

MwanaVirunga
Mama, kwa heshima, si harufu tunayozungumzia. Ni 93% HALAFU haifanyi kazi.

Mzee_wa_Ibanda (Bukavu)
Mdogo wangu, una haki, lakini unapiga kelele badala ya kuonyesha kosa. Sentensi ile ina makosa mawili tofauti, na la pili ndilo linaloua watu.

La kwanza ni hiyo 93%. Ukitaka kukagua sentensi yoyote kuhusu p, tafuta neno «kama». p imehesabiwa kwa kukubali kwanza kwamba klorini haibadili kitu. Sasa kitu ulichokikubali ili uanze hesabu hakiwezi kugeuka mwishoni kuwa ndicho ulichokipima. Mvua ikinyesha, barabara inalowa karibu kila mara. Lakini ukikuta barabara imelowa, huwezi kusema kwa uhakika uleule kwamba mvua imenyesha, pengine bomba limepasuka. Yeye amegeuza sentensi kichwa chini. Kujua uwezekano kwamba klorini inasaidia kunadai habari nyingine iliyo nje ya jedwali lile, yaani tulikuwa tunajua nini juu ya klorini kabla ya kuhesabu kaya.

Asiyeamini achukue vikaratasi 400, atie alama kwenye 74, kwa sababu kaya zilizougua ni 44 na 30. Avichanganye vizuri, avigawe mafungu mawili ya 200, ahesabu alama kila fungu. Arudie mara nyingi. Hapo klorini haipo kabisa, ni bahati tupu. Sehemu ya mara ambazo mafungu yanapishana kwa 14 au zaidi, hiyo ndiyo p. Hakuna mahali katika kazi hiyo ambapo vikaratasi vinakuambia kama klorini ni dawa.

Kivu_Kusini_Stat (Bukavu)
Mimi naona korije yote ni uongo, hata 0,07 yenyewe. Programu ya R inatoa 0.09412 au karibu hapo. Amekosea hesabu pia!

Mzee_wa_Ibanda
Hajakosea hapo. R inaweka masahihisho ya Yates bila kukuuliza. Yaondoe:

```
prop.test(c(44, 30), c(200, 200), correct = FALSE)
```

Utaona 0.07 na kidogo. Na kusema kweli, vikaratasi vyangu vitakupeleka karibu na 9 katika 100 kuliko 7, maana kaya zinahesabika mojamoja, hazina nusu. Watu wanabishana hadi leo ipi itumike. Unachodaiwa ni kuandika umetumia ipi.

MwanaVirunga
Iwe 0,07 iwe 0,09, mstari ule unabaki palepale! 91% halafu haifanyi kazi! Ni afadhali?

Binti_Kadutu (Bukavu)
Mwacheni huyo mwalimu, sehemu ya pili amesema vizuri. Entervali ya imani ya 95% inatoka −0,6 hadi 14,6. Sifuri imo ndani. Sifuri ikiwa ndani, hakuna tofauti. Mambo yamekwisha.

Mzee_wa_Ibanda
Dada, sifuri imo, ndiyo. Na 14 imo pia. Na 7 iko katikati kabisa. Kwa nini umchukue sifuri peke yake umvike taji? Entervali ile inasema data hizi zinapatana na klorini isiyosaidia chochote, au inayodhuru kidogo sana, na zinapatana vilevile na klorini inayookoa kaya 14 katika kila 100. Jibu la kuandika ni: «sampuli hii haitoshi kuamua». Kuandika «haifanyi kazi» ni kufunga kituo cha klorini kwa sababu ulihesabu kaya chache. Hili ndilo kosa la pili nililosema.

Binti_Kadutu
Sawa, «haitoshi kuamua» naikubali. Lakini basi niandike kuna uwezekano wa 95% tofauti ya kweli iko kati ya −0,6 na 14,6. Hapo utanipa pointi?

Mzee_wa_Ibanda
Nusu. Ile 95% ni sifa ya njia ya kuhesabu. Ukichukua sampuli mpya mara nyingi na kujenga entervali kila mara, 95 hivi katika 100 zitaikamata tofauti ya kweli. Hii moja uliyoishika imeikamata au imeikosa.

Binti_Kadutu
Kwa Bayes ningeruhusiwa kusema hivyo.

Mzee_wa_Ibanda
Kwa Bayes, ndiyo, ukitangaza kwanza ulikuwa unaamini nini kabla ya data. Ulitangaza?

Binti_Kadutu
Bado naona kwa sampuli ya kaya 400 namba zitakaribiana sana. Tutaonana kwenye hilo.

Kamalondo_12 (Lubumbashi)
Ya kwenu iko kidogo. Huku kuna mmoja, naye munamujua, anachora entervali mbili, anaona zinagusana, anaandika «hakuna tofauti». Shamba la kwanza wastani ni mifuko 10, la pili 13, kosa sanifu 1 kwa kila moja. Moja inafika 11,96, nyingine inaanzia 11,04. Zinapandana! Lakini hesabu tofauti yenyewe: 3, na kosa sanifu lake 1,41. Entervali ya tofauti ni 0,23 hadi 5,77, p ni 0,034. Sifuri haimo! Memwari nzima inarudishwa kwa sababu ya mistari miwili kwenye picha!

Kivu_Kusini_Stat
Hiyo hata zhuri yetu inafanya. Na picha inadaiwa iwe ya rangi, ukurasa wa rangi unajua bei yake?

MwanaVirunga
Ndugu, tubaki kwenye 93%...

MamaNdosho
Bei! Na silabusi je? Usiponunua hupati hata nafasi ya kukaa.

Kamalondo_12
Silabusi ni ileile ya miaka yote, wanabadili ganda tu.

Kivu_Kusini_Stat
Nani ana ya mwaka jana? Nakopi leo jioni, narudisha kesho.